Pumzi Moja, Habari Moja: Kuandika Muhtasari wa Taarifa ya Habari Redioni

Tuseme ni saa saba kasoro robo mchana, Bariadi. Habari za mchana zimekwisha kuandikwa, zimepangwa, na msomaji anazipitia kwa sauti ya chini. Kilichobaki ni sentensi nne za kufungulia taarifa. Ukiziandika vizuri, mama anayepima mchele sokoni atasimamisha mkono ili asikie zaidi. Ukiziandika vibaya, taarifa nzima itafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua: kwa kusukumwa.

Mwongozo huu ni wa sentensi hizo nne. Nakuandikia wewe uliyepewa kiti cha mhariri wa zamu katika redio ndogo ya mkoani, pengine bila mtu wa kukuelekeza, na unayeandikia wasikilizaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, na redio wanaisikiliza huku mashine ya kusaga inanguruma au pikipiki inapita. Mimi mwenyewe nimekulia katika lugha hiyo na nimefanya kazi hii miaka mingi, na mengi ninayokuambia niliyajua baada ya kukosea hewani.

Kwanza tuelewane majina. Gazeti lina kichwa cha habari. Redio ina muhtasari, yaani sentensi moja kwa kila habari kubwa, zinazosomwa mwanzoni kabla ya habari zenyewe. Wengi wetu tulizoea mpangilio huu tangu enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam: taarifa ya habari inatangazwa, kisha msomaji anasema "kwanza muhtasari wake". Matatizo mengi ya muhtasari yanaanza pale mwandishi anapochukua kichwa cha gazeti na kumpa msomaji akisome. Kichwa cha gazeti kimeandikwa kwa jicho, na jicho linaweza kurudi nyuma. Sikio haliwezi.

Hesabu silabi, usihesabu maneno

Utaambiwa muhtasari uwe wa maneno machache, na ni kweli, ila kwa Kiswahili hesabu ya maneno inadanganya. Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Wanaokabiliwa" ni neno moja, nalo lina silabi saba. "Bei ya pamba" ni maneno matatu yenye silabi tano. Ukijiwekea kikomo cha maneno manane unaweza kupata sentensi ya sekunde tatu au ya sekunde saba, na msomaji ndiye atakayeishiwa pumzi.

Kwa hiyo hesabu silabi. Ni rahisi, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa: hesabu irabu zote, kisha ongeza kila "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti, kama ile ya "mkulima" au "mtoto". "Mkulima" ni silabi nne. "Mvua" ni tatu. Katika "pamba" ile "m" imeungana na "b", kwa hiyo neno lina silabi mbili tu.

Msomaji wa kawaida, akisoma muhtasari kwa utulivu, anatamka kama silabi tano kwa sekunde. Usiniamini mimi; mpe msomaji wako karatasi, shika saa, upate kasi yake halisi, kwa sababu wapo wanaokimbia na wapo wanaovuta. Ukishaijua kasi, jiwekee kikomo. Changu ni silabi ishirini na tano kwa habari moja. Hiyo ni sekunde tano, na ni pumzi moja ya mtu aliyetulia. Ikizidi hapo msomaji atavuta pumzi katikati ya sentensi, na pumzi hiyo itakata maana mahali ambapo hukukusudia.

Kitenzi cha gazeti na hatari zake

Magazeti yetu yanapenda kitenzi kifupi cha "a": bei yapanda, wakulima walia, ajali yaua. Katika karatasi kitenzi hicho kinaokoa nafasi na kina nguvu. Hewani hakiokoi karibu chochote. "Bei ya pamba yapanda" ina silabi nane. "Bei ya pamba imepanda" ina tisa. Umeokoa silabi moja, sehemu ya tano ya sekunde, na mara nyingine umelipa kwa kueleweka vibaya.

Miaka ya mwanzo niliandika hivi: "Tembo wala mahindi Meatu." Kwenye karatasi haikuwa na kosa. Msomaji akaisoma kama ilivyoandikwa, na baadaye mzee mmoja akapiga simu kituoni kuuliza tembo wamefanya nini, na mahindi yamefanya nini, maana alisikia "tembo wala mahindi" kisha tukahamia habari nyingine. Alikuwa na shamba upande ule. Hakuwa anatania, alitaka kujua kama ni kwao. "Wala" ya kula na "wala" ya kukanusha ni sauti ileile, na mimi nilimwachia mzee yule achague.

Mifano iko mingi ukianza kuitafuta. "Wazee watatua mgogoro wa malisho": msikilizaji anasikia "wazee watatu", anaanza kuwahesabu, na akishtuka sentensi imepita. Akisikia neno zima, bado hajui kama wanatatua sasa au watatua, yaani watatua kama ndege. Andika "wazee wametatua" au "wazee wanatatua" na kila mtu ataelewa, pamoja na kujua kama mgogoro umekwisha au bado.

Hatari kubwa zaidi ni vitenzi vya mauaji. Linganisha "mlinzi aua mwizi" na "mlinzi auawa na mwizi". Tofauti yake ni silabi mbili dhaifu zilizobanwa katikati ya sentensi. Mawimbi yakikatika kidogo, na kule pembezoni mwa mkoa hukatika, umemgeuza marehemu kuwa muuaji, na ndugu zake wanasikiliza. Mahali pa "auawa" weka "ameuawa", au bora zaidi sema "amefariki baada ya kushambuliwa". Ni ndefu. Iache iwe ndefu, ufupishe kwingine.

Kanuni yangu basi ni hii: kilichokwisha kutokea kipe "me", kinachoendelea kipe "na", kitakachotokea kipe "ta". Kitenzi kifupi cha gazeti kitumie pale tu ulipokisoma kwa sauti mara tatu na hukusikia neno jingine ndani yake. Na jihadhari na ile "ku" ya magazeti inayosimama badala ya wakati ujao, kama "Mji wa Bariadi kukosa maji kesho". Jicho linaelewa. Sikio linasubiri kitenzi kikuu ambacho hakiji. "Mji wa Bariadi utakosa maji kesho" inaongeza silabi moja tu.

Nani aanze sentensi

Habari nyingi zinazofika mezani kwako zinatoka kwenye mikutano na ziara, na zinafika zikiwa na cheo mbele. Tuchukue mfano mmoja nilioutunga kwa mazoezi, lakini umbo lake utalitambua. Mwandishi wako amerudi kutoka kikao cha wadau wa pamba na ameandika kwamba mkuu wa mkoa amewataka viongozi wa AMCOS kuhakikisha wakulima wanalipwa kwa wakati, akasisitiza uadilifu, akawashukuru waliohudhuria. Katika aya ya nne, karibu na mwisho, ameandika kwamba baadhi ya wakulima waliouza pamba hawajalipwa, na kwamba AMCOS husika zimepewa siku saba kumaliza malipo hayo.

Muhtasari wa kwanza unaokujia ni huu:

"Mkuu wa Mkoa wa Simiyu awataka viongozi wa AMCOS kuhakikisha wakulima wa pamba wanalipwa kwa wakati."

Hesabu: silabi arobaini na nne, karibu sekunde tisa. Lakini urefu si ugonjwa wake, ni dalili. Ugonjwa ni kwamba sentensi imebeba kikao, haijabeba habari. Kiongozi kuwataka watendaji wafanye kazi yao ni jambo la kila siku, na mkulima wa Itilima ameshalisikia mara nyingi kiasi cha kutolisikia tena. Habari iko aya ya nne: kuna deni, na kuna siku saba.

Kwa hiyo tupa cheo, tupa "kuhakikisha", na ujaribu tena:

"Wakulima wa pamba watalipwa ndani ya siku saba."

Silabi kumi na nane. Inasomeka vizuri, inapendeza, na si kweli. Hakuna aliyeahidi kwamba watalipwa. Kuna aliyeamuru kwamba walipwe. Ukiitangaza hivyo, siku ya nane mkulima atakwenda kudai kwa jina la redio yako. Hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu linafanywa na waandishi wazuri, wale wanaojua kufupisha. Amri ikifupishwa inakuwa ahadi, ombi linakuwa uamuzi, tuhuma inakuwa hukumu. Baada ya kila ufupisho, rudi kwenye habari yenyewe ujiulize kama aliyesema maneno yale angeikubali sentensi yako kuwa yake.

Jaribio la tatu:

"AMCOS zimepewa siku saba kuwalipa wakulima wa pamba."

Silabi ishirini na tatu, kama utaitamka AMCOS jinsi inavyotamkwa vijijini, "amkosi". Neno la kwanza linamgusa kila aliyeuza pamba msimu huu. Kitenzi ni cha amri, na kimebaki amri. Aliyetoa amri atatajwa katika sentensi ya kwanza ya habari kamili, kwa jina na cheo chake, na hapo ndipo mahali pake. Angalia pia kwamba nimetoa neno "Simiyu". Msikilizaji wako yuko Simiyu. Ukimtajia mkoa wake katika kila sentensi unamfanya ajione anasomewa habari za mbali.

Kuna wakati cheo kinastahili kuanza: kiongozi anapojiuzulu, anapoteuliwa, au anapotoa tamko ambalo nguvu yake yote inatokana na aliyelitoa. Nyakati hizo ni chache kuliko tunavyodhani tukiwa tumetoka mkutanoni.

Mahali, na majina yanayochanganya

Simiyu ulipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, wilaya za Busega na Itilima nazo zilikuwa changa; Itilima ilimegwa kutoka Bariadi, na Busega ilitoka upande wa Magu, mkoani Mwanza. Matokeo yake ni ramani yenye majina yanayogongana, na katika sentensi ya sekunde tano hakuna nafasi ya kueleza.

"Halmashauri ya Bariadi" ni ipi? Ipo Halmashauri ya Mji wa Bariadi na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, kila moja na mkurugenzi wake na bajeti yake. Ukisema "Halmashauri ya Bariadi imepata hati chafu", umetuhumu mbili kwa kosa la moja. Hapa huwezi kuokoa silabi: sema "mji wa Bariadi" au "wilaya ya Bariadi". Vivyo hivyo kwa Maswa. Mji na wilaya ya Maswa viko kwao, lakini Pori la Akiba la Maswa liko mashariki ya mkoa, pembeni ya Hifadhi ya Serengeti. "Simba waonekana Maswa" ingeweza kufunga shule mjini Nyalikungu bila sababu. Neno "pori" ni silabi mbili, lilipie.

Upande mwingine, mahali panapopotosha ni bora pasitajwe kuliko kutajwa nusu. Wilaya ya Meatu ni kubwa, na msikilizaji wa Mwanhuzi atataka kijiji. Kijiji kitakuja katika habari kamili. Muhtasari unamwahidi kwamba kitakuja, na kwa hiyo hakikisha kipo kweli kwenye aya ya kwanza.

Kuna pia suala la umbali kati ya redio ya taifa na yako. Mwaka 2018 maonesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapa Bariadi. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Mbeya, "maonesho ya Nane Nane yamefunguliwa Simiyu" ilikuwa habari. Kwa mtu wa Bariadi aliyekuwa anaona magari yakipita tangu asubuhi, haikuwa habari hata kidogo. Yeye alihitaji kujua nauli, barabara, na saa za kuingia. Ukichukua habari ya taifa kuhusu mkoa wako, usichukue na muhtasari wake.

Maneno yasiyofupishwa

Ufupi una mipaka, na mipaka hiyo ni watu. "Mtuhumiwa" ni silabi tano, "mwizi" ni mbili. Kabla mahakama haijasema, andika tano. "Watu wenye ualbino" ni ndefu kuliko neno moja la mtaani, na bado ndiyo njia ya kuwataja, hasa katika kanda hii ya ziwa ambayo imewapoteza kwa mauaji ya kikatili.

Zaidi ya hapo, kanda yetu ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi. Habari ya namna hiyo ikikufikia, usiandike kwamba bibi ameuawa "kwa uchawi". Kwa kuacha neno moja, "tuhuma", umewaunga mkono wauaji: umesema uchawi ulikuwepo. Na hata "kwa tuhuma za uchawi", ikisomwa haraka mwanzoni mwa saa, inabaki masikioni kama uchawi tu. Mimi naliacha jambo hilo zima nje ya muhtasari. "Bibi wa miaka sabini ameuawa, watu wawili wanashikiliwa." Sababu inayodaiwa inahitaji sentensi tatu za uangalifu, na nafasi yake ni ndani ya habari.

Jambo jingine dogo la lugha. Kisukuma hakitofautishi "r" na "l" kama Kiswahili, na wasomaji wetu wengi, nikiwamo mimi, tukichoka tunateleza. Kwa hiyo usimwekee msomaji "kura" mahali ambapo "kula" nayo inaleta maana. "Wanachama wamekosa kura" inaweza kutoka kama njaa. Andika "wameshindwa uchaguzi" au panga sentensi upya. Na tarakimu zote ziandike kwa herufi: "siku saba", si "siku 7", "shilingi milioni mbili na nusu", si 2,487,000. Hesabu kamili itasomwa baadaye. Ukikadiria, kadiria kwa uaminifu: "karibu milioni mbili na nusu".

Kupanga nne kwa pamoja

Sasa zipange. Tuendelee na taarifa yetu ya mazoezi ya saa saba. Pamoja na pamba kuna ajali ya lori kwenye barabara ya Lamadi kuja Bariadi, tembo walioingia mashambani Meatu, na tangazo la mamlaka ya maji. Baada ya kuzipitisha katika hatua zote hizo, karatasi ya msomaji inasomeka hivi:

"Ajali ya lori imeua watu wawili njia ya Lamadi.

AMCOS zimepewa siku saba kuwalipa wakulima wa pamba.

Tembo wameharibu mashamba ya mahindi Meatu.

Na mji wa Bariadi utakosa maji kesho."

Jumla ni silabi sabini na saba. Kwa kasi yetu ni kama sekunde kumi na tano, na ukiweka kituo cha sekunde moja baada ya kila sentensi unafika ishirini hivi. Taarifa ya dakika tano inaweza kubeba ufunguzi wa namna hiyo bila kuelemewa.

Ajali imetangulia kwa sababu imetokea leo na kuna familia ambazo hazijajua. Idadi ya vifo nimeiandika baada ya polisi kuithibitisha. Kama ingekuwa ya mashuhuda, ningeandika "ajali ya lori imeua watu" na kusubiri. Maji yako mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ni habari ya kila nyumba mjini, na anayetaka kujua ni saa ngapi na mitaa gani atabaki nasi hadi mwisho. Mpangilio wa muhtasari lazima ufanane na mpangilio wa habari zenyewe. Ukibadilisha mmoja dakika ya mwisho, badilisha na mwingine, kwa sababu msikilizaji anasubiri kwa zamu uliyompa.

Tazama pia mianzo. Hakuna sentensi mbili zinazoanza kwa kiambishi kimoja. Toleo langu la kwanza la ajali lilikuwa "Watu wawili wamefariki katika ajali", na la pamba lilianza "Wakulima", na zikisomwa mfululizo zilisikika kama habari moja ndefu iliyoanza na "wa". Mwanzo tofauti unamwambia msikilizaji kwamba tumehama.

Jambo linaloweza kuiharibu kazi hii yote ni salamu. Nimesikia vituo vinavyoandika muhtasari mzuri kisha vinautanguliza kwa "mpendwa msikilizaji popote pale ulipo, karibu tena kwa mara nyingine katika taarifa yetu ya habari inayokujia moja kwa moja kutoka studio zetu". Hiyo peke yake ni ndefu kuliko habari mbili. Inatosha hivi: mlio wa kufungulia, "Ni saa saba kamili mchana. Taarifa ya habari kutoka Bariadi. Msomaji wako ni fulani. Muhtasari." Kisha habari ya kwanza. Na mtangazaji wa kipindi kinachotangulia ajue kwamba saa kamili si saa saba na nusu dakika. Mwandikie sentensi yake ya kuagia na umpe saa ya kunyamaza, la sivyo sentensi zako nne zitasomwa mbio kufidia muda wake.

Wakati usiohitaji muhtasari

Kama taarifa yako ya kila saa ni ya dakika mbili na ina habari nne fupi, usiweke muhtasari kabisa. Utakuwa unasema jambo mara mbili ndani ya dakika mbili. Anza habari ya kwanza moja kwa moja. Muhtasari unaanza kuwa na maana taarifa ikifika kama dakika tano.

Kuna pia hali ya kinyume, pale saa inapogonga mnasoma muhtasari peke yake, bila habari kamili kufuata, kisha kipindi kinaendelea. Hapo kanuni nilizotoa zinalegea. Sentensi ikisimama peke yake haina aya ya kuiokoa, kwa hiyo chanzo na siku lazima viwemo: "Polisi wamesema watu wawili wamefariki leo asubuhi kwa ajali ya lori njia ya Lamadi." Inapita silabi thelathini na inastahili. Usichukue muhtasari wa taarifa kamili ukaurusha peke yake saa inayofuata. Utakuwa umetangaza ahadi ya habari ambayo haiji.

Jaribio la mlangoni

Andika muhtasari mwisho, baada ya habari zote, si mwanzoni. Anayeandika muhtasari kwanza hujikuta anainamisha habari ili ilingane nao. Tenga robo saa. Ukishamaliza, mpe mtu ambaye hakuandika, simama naye mlango ukiwa wazi na kelele za barabarani zikiingia, umsomee mara moja tu kwa kasi ya hewani. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Asikwambie kama ni nzuri, akwambie alichosikia. Fundi mitambo anafaa, mlinzi anafaa, mama lishe wa jirani anafaa zaidi ya wote, kwa sababu hana sababu ya kukupendeza. Sentensi ambayo atairudisha kombo iandike upya hata kama sarufi yake haina doa.

Saa nane usisome karatasi ile ile. Kufikia hapo huenda hospitali imetoa taarifa ya majeruhi, na ajali inakuwa "Majeruhi watatu wa ajali ya Lamadi wamelazwa Bariadi". Tembo wameshuka, kwa sababu hakuna jipya kutoka Meatu. AMCOS zimebaki, ila sasa umempata mwenyekiti wa mojawapo kwa simu na amesema fedha hazijaingia benki, kwa hiyo sentensi inabadilika: "AMCOS zasema hazina fedha za kuwalipa wakulima wa pamba." Isome kwa sauti. "Zasema", "hazina": je, ni hazina ya serikali au kukosa? Na ni AMCOS ngapi zilizosema, moja au zote? Una dakika kumi. "AMCOS moja imesema haijapata fedha za wakulima."